Kifua 44, kiuno 34: namna ya kununua koti na suruali ya suti kwa saizi tofauti

Ukichukua suti ya saizi 44 iliyotengenezwa kwa vipimo vya Kimarekani, suruali iliyotundikwa ndani ya koti hilo huwa ya kiuno 38. Kiwanda kimechukua kipimo cha kifua, kikatoa inchi 6, na kilichobaki kimefanywa kiuno cha mnunuzi. Tofauti hiyo kati ya koti na suruali ndiyo wauzaji wa suti huiita dropu, na kwa watu wengi inchi 6 zinatosha kabisa, ikibidi kwa msaada kidogo wa fundi.

Wapo wanaume ambao haiwatoshi. Tumchukue mmoja na tumfuate mpaka mwisho: bwana harusi anayebeba vyuma, kifua inchi 44, kiuno 34, makalio 42, mapaja ya mcheza raga. Tofauti yake ni inchi 10. Koti likimkaa, suruali ina inchi 4 za ziada kiunoni. Akishika suruali inayomtosha, koti lake ni la 40 na halivuki mabegani. Mtu huyu asinunue seti. Anunue koti peke yake na suruali peke yake, vya kitambaa kimoja na saizi mbili.

Hatua ya 1: Pima mwili, usipime jinzi

Kosa la kwanza hutokea nyumbani. Mtu anasoma lebo ya jinzi yake, anaona 34, anaiandika. Jinzi huvaliwa chini, kwenye mifupa ya nyonga, na viwanda vingi vya jinzi huandika namba ndogo kuliko kipimo halisi ili mnunuzi afurahi. Suruali ya suti hukaa juu zaidi, karibu na kitovu au chini yake kidogo. Pima hapo.

Tumia futi laini ya fundi, na mtu mwingine akupime, kwa sababu ukijipima kifua mwenyewe mikono inainuka na kifua kinabadilika. Kifua: futi ipite chini ya makwapa, juu ya mifupa ya mgongoni, sehemu iliyojaa zaidi, ukiwa umevaa shati na unapumua kawaida. Kiuno: usivute tumbo ndani. Makalio: pale yalipojaa, mifuko ikiwa tupu. Paja: juu kabisa, karibu na gongo la suruali, pale miguu miwili inapokutana. Andika kwa inchi na kwa sentimita, utahitaji zote mbili muda si mrefu.

Sasa toa kiuno kwenye kifua. Ukipata kati ya inchi 5 na 8, nenda kanunue seti kama watu wengine, fundi atamaliza kazi. Ukipata 9 au zaidi, au 4 na kushuka chini, endelea kusoma.

Mpaka huo hautokani na mazoea tu. Suruali ya suti hupunguzwa kwa mshono wa katikati ya nyuma. Kila inchi inayoondolewa pale inasogeza mifuko miwili ya nyuma ikaribiane, na inavuta mstari wa pasi wa mguu uelekee nyuma. Inchi moja haionekani. Inchi mbili bado zinavumilika. Ukitoa inchi 4, kama bwana harusi wetu angelazimika kufanya, hizo ni sentimita 10, na mifuko ya nyuma inakaribia kugusana. Ukiona suruali ambayo mifuko yake ya nyuma imebanana katikati, jua imepitia mkononi mwa fundi aliyeambiwa afanye lisilowezekana.

Kuongeza ni kugumu zaidi, kwa maana kunategemea kitambaa kilichoachwa ndani. Geuza suruali nje-ndani, tazama mshono wa katikati ya nyuma. Kama kila upande una sentimita 2 na nusu za akiba, fundi ataacha sentimita 1 kila upande ili mshono ushike, na wewe utapata sentimita 3. Basi. Suti nyingi za bei nafuu hazina hata hiyo akiba, kiwanda kimeikata ili kuokoa kitambaa.

Hatua ya 2: Jua lebo inatumia lugha gani ya vipimo

Hapa ndipo watu hupotea, hasa katika maduka yetu yanayouza suti za Kituruki na za Kiitaliano bega kwa bega na zile zilizotoka Marekani au Uingereza.

Lebo ya Kimarekani au ya Kiingereza huandika kifua kwa inchi: 40, 42, 44, pamoja na herufi ya urefu, S kwa mfupi, R kwa wa kawaida, L kwa mrefu. Dropu yake ni inchi kamili: kifua 44 toa kiuno 38 ni dropu 6.

Lebo ya Kituruki au ya Ulaya bara huandika 48, 50, 52. Namba hiyo ni nusu ya kifua kwa sentimita, na dropu yake pia huhesabiwa kwa nusu. Kwa hiyo suti ya 50 yenye dropu 6 imekatwa kwa mtu wa kifua sentimita 100 na kiuno sentimita 88: nusu ya kifua ni 50, ondoa 6, unabaki na 44, ambayo ni nusu ya kiuno. Tofauti nzima ni sentimita 12. Dropu 6 ya Kimarekani ni zaidi ya sentimita 15. Namba ni ileile, suruali ni tofauti. Muuzaji akikuambia "hii ni dropu 6" muulize kwanza suti imetoka wapi.

Kwenye suti za Kituruki utaona pia 4, 7 na 8. Namba kubwa maana yake kiuno chembamba zaidi ikilinganishwa na kifua, na kwa kawaida mkato mzima unabana zaidi, hadi mapajani. Ndiyo sababu mtu wa mazoezi akisikia "dropu 8 ni ya watu waliojengeka" anaivaa na kushangaa mguu haupiti. Dropu 8 nyingi zimekatwa kwa kijana mwembamba, wala hazikumfikiria mtu mwenye mapaja.

Kanuni ya mtaani ya kubadilisha saizi ni kuongeza 10: koti la 40 ni 50, la 44 ni 54. Kwenye saizi za katikati inafanya kazi. Kwenye saizi kubwa inadanganya. Inchi 44 ni sentimita 112, na nusu yake ni 56. Bwana harusi wetu akiomba 54 kwa sababu ya kanuni hiyo, anajikuta kwenye koti lililokatwa kwa kifua cha sentimita 108. Ajaribu 54 na 56 zote mbili, na asishangae 56 ikishinda.

Kwa suruali, hesabu ni rahisi. Chukua nusu ya kiuno chako kwa sentimita, ongeza dropu iliyo kwenye lebo. Kiuno chake ni sentimita 86, nusu ni 43. Kwenye mkato wa dropu 7, suruali yake ni 50. Koti 56, suruali 50. Kama angechukua seti ya 56 yenye dropu 6, suruali ingekuja na kiuno cha sentimita 100, yaani sentimita 14 za kuondoa. Hakuna mshono wa kuzibeba.

Hatua ya 3: Chagua koti kwa mabega na kifua, kiuno chake kiache

Anza na koti, kwa sababu ndilo lisilosameheka. Mabega ya koti yana pedi, na mkono umeshonwa juu yake. Kuyapunguza ni kulibomoa koti na kulijenga upya, na mafundi wengi wazuri watakushauri usijaribu. Mshono wa bega uishie pale bega lako linapoishia. Egemea ukuta kwa ubavu: kama koti linagusa ukuta kabla ya mkono wako, ni kubwa.

Funga kifungo cha juu kama koti lina vifungo viwili. Ukiona mikunjo ya herufi X ikitoka kwenye kifungo, linabana. Kola za kifuani zikipinda kwa nje na kusimama badala ya kulala, kifua hakijatosha, hata kama kiuno kinapendeza kwenye kioo.

Kishawishi ni hiki. Koti la 44 limechorwa likimfikiria mtu wa kiuno 38, kwa hiyo kwa mtu wa kiuno 34 linaning'inia tumboni. Anajaribu la 42, tumboni linakaa safi, anafurahi. Asilichukue. Fundi anaweza kupunguza kiuno cha koti kwa mishono ya pembeni na ya mgongoni, jumla ya kama inchi 2, na mikono anaweza kuipandisha. Kifua hawezi kukiongeza kwa maana yoyote ya kuonekana. Nunua la 44, ikiwezekana la mkato mwembamba, kisha punguza kiuno.

Angalia na mikono kabla ya kulipa. Kama vifungo vya mkononi vina matundu halisi yaliyokatwa, fundi hawezi kufupisha kutokea chini bila matundu kusogelea ukingo wa mkono. Vifungo vya urembo vilivyoshonwa tu juu ya kitambaa ni heri kwa mtu anayejua atafupisha.

Hatua ya 4: Chagua suruali kwa makalio na mapaja, si kwa kiuno

Hesabu ilisema 34 kwa inchi, au 50 kwa lebo ya Ulaya. Lakini hesabu hiyo haijui kitu kuhusu makalio ya inchi 42. Avae 34, afunge, kisha asitazame mbele tu. Ajitazame ubavuni.

Mifuko ya pembeni ikifunguka kama masikio, makalio yamebanwa. Mistari ya kulala ikitokea kwenye gongo na kukimbilia mapajani, paja limebanwa. Mstari wa pasi ukipinda kuelekea nje badala ya kushuka wima hadi kwenye kiatu, mguu unavutwa. Kisha akae kwenye kiti, kwa sababu harusi ina kukaa kwingi: kitambaa kikikaza juu ya paja hadi huwezi kukibana kwa vidole, suruali hiyo haitafika mwisho wa sherehe.

Mtu wetu atachukua 36, au 52 kwa lebo ya Ulaya. Makalio yatatulia, mapaja yatapumua, na kiunoni kutakuwa na inchi 2 za ziada. Hizo fundi anaziweza, tumekwisha kuona. Kwa hiyo alichonunua mwishowe ni koti 44 na suruali 36, tofauti ya inchi 8, na mbili zilizobaki zimemalizwa kwa sindano.

Upande wa pili wa mizani ni mzee mwenye kifua 44 na kiuno 42. Seti ingempa 38, na akiba ya mshono haifiki popote karibu na inchi 4. Yeye anunue suruali ya 42 moja kwa moja, kisha fundi apunguze miguu, kwa sababu suruali ya 42 huja na mguu mpana wa mtu mnene mwili mzima, na yeye unene wake uko mbele tu. Koti lake achague kwa mabega kama yeyote. Likigoma kufunga tumboni, asikimbilie la 48 ambalo mabega yake yataanguka. Aulize kama mtengenezaji ana mkato wa watu wenye tumbo, au akubali kuliacha wazi.

Hatua ya 5: Hakikisha ni kitambaa kimoja kweli

Hii ndiyo hatua inayowaumiza waliofanya mengine yote vizuri. Koti na suruali zikinunuliwa mbalimbali zinaweza kufanana chini ya taa za duka na kuachana mlangoni. Kiwanda hupaka rangi kitambaa kwa mafungu, na fungu la Machi si lazima lilingane kabisa na fungu la Septemba, hata kama jina la rangi ni lilelile.

Soma lebo ndogo ndani ya mfuko wa ndani wa koti, kisha lebo iliyo ndani ya kiuno au mfuko wa suruali. Namba ya modeli inaweza kutofautiana kwa sababu moja ni koti na nyingine ni suruali, lakini namba ya kitambaa na ya rangi zilingane, na mchanganyiko wa nyuzi pia. Koti la sufi tupu na suruali ya sufi iliyochanganywa na poliesta huakisi mwanga kwa namna mbili. Kisha vitoe vyote viwili nje juani, lalisha suruali juu ya koti, uvigeuze upande huu na ule. Bluu nyeusi ndiyo mdanganyifu mkubwa. Nyeusi nayo si salama kama watu wanavyodhani: juani moja huelekea kijani, nyingine huelekea kahawia.

Nunua vyote siku moja, duka moja. Ukiagiza kwa ndugu aliye Uingereza, ambako maduka kama Marks & Spencer huuza koti na suruali za suti kwa saizi tofauti, mwambie aviweke kwenye oda moja, na asikate lebo mpaka umevijaribu. Maduka mengi hayapokei nguo iliyokwisha kupita kwa fundi.

Hatua ya 6: Duka likiuza seti tu

Huku kwetu duka nyingi zitakuambia suti haivunjwi. Muuzaji hana roho mbaya. Akikupa koti la 44 na suruali ya 36, anabaki na koti la 42 na suruali ya 38, na seti hiyo itangoja mteja mwenye kitambi kidogo. Ukiomba koti la 44 na suruali ya 34, anabaki na koti la 40 lenye suruali ya 38, na huyo mteja ni adimu. Kwa hiyo kadiri unavyosogeza saizi moja tu, ndivyo anavyoweza kukubali. Njoo na ombi dogo, na uwe tayari kuongeza kitu juu ya bei.

Harusi ina njia bora zaidi. Kamati ikinunua suti za bwana harusi na wapambe pamoja, kutoka mzigo mmoja, saizi hubadilishwa ndani ya kundi. Mpambe mwenye kifua 42 na kiuno 38 anahitaji suruali kubwa kuliko seti yake ya 42, ambayo ina 36. Bwana harusi anahitaji hiyo 36 na hana kazi na 38 yake. Wanabadilishana, na duka linauza seti mbili kamili bila malalamiko. Kusanyeni vipimo vya wote kwenye karatasi moja kabla ya kwenda; mara nyingi kwenye kundi la watu sita mbadilishano mmoja kama huu upo umejificha.

Kama hakuna kundi, usimwombe fundi atafute kitambaa kinachofanana na koti lako dukani kwa mita. Atakuletea kinachokaribia, na kinachokaribia ndicho kibaya kuliko vyote, maana macho yanakiona kama suti iliyofifia upande mmoja. Afadhali uachane wazi: koti la bluu nyeusi na suruali ya kijivu. Mitumbani hiyo ndiyo njia pekee, kwa sababu koti na suruali vilikwisha kupotezana kabla ya kufika kwetu.

Hatua ya 7: Fundi

Mpe kazi kwa mpangilio. Kiuno cha suruali kwanza, pindo la chini mwisho, kwa sababu suruali iliyobanwa kiunoni hupanda na urefu unabadilika. Vaa viatu utakavyovaa siku yenyewe. Mwambie asikate kitambaa alichopunguza kiunoni bali akiache ndani, maana viuno hurudi. Koti likipunguzwa, mwombe alivalishe kwanza na pini, ufunge kifungo, ukae, unyooshe mikono mbele.

Kila safari ya dobi peleka vyote viwili, hata kama koti bado ni safi, vifubae pamoja. Na kwa mtu mwenye mapaja manene, kama duka linakuuzia vipande mbalimbali, chukua suruali mbili za kitambaa hicho siku hiyohiyo. Kitambaa cha gongo kitalika kwa msuguano zamani sana kabla ya koti kuchoka, na ukirudi baada ya mwaka kutafuta ya pili, fungu lile la rangi halipo tena.